Watu 6, leseni 9: uzoefu wangu na programu ya stoo na mauzo

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na kwa mwaka wa pili sasa natumia programu ya kulipia ya stoo na mauzo. Jina la kampuni siliweki hapa kwa sababu tumeshaelewana, ila mkasa wenyewe unaweza kumpata yeyote anayelipia programu kwa kichwa.

Mkataba wangu ni wa leseni 6, kila moja shilingi 30,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Ankara ya Januari hadi Machi ilitakiwa iwe 540,000. Ikaja 810,000. Nilipopiga simu, kijana wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole, "Mama, mfumo unaonyesha watumiaji 9." Dukani kwangu hata viti 9 hatuna.

Nikaingia sehemu ya msimamizi, nikapakua orodha ya watumiaji, nikaipanga kwa hali ya akaunti. Waliokuwa `Active` walikuwa 6, wote nawafahamu. Wawili walikuwa `Suspended`: keshia aliyeacha kazi mwisho wa Januari na mtunza stoo aliyeondoka katikati ya Februari. Wa tisa alikuwa `Pending`, na huyo hakuwa mtu. Mhasibu wangu alibadili barua pepe mwezi Machi, nami nikakosea herufi moja kwenye mwaliko. Mwaliko ukaenda kusikojulikana, nikamtumia mwingine, ule wa kwanza ukabaki umeshika leseni.

Kumbe kumsimamisha mtu humfungia mlango tu, leseni yake inabaki mkononi mwake mpaka uibofye `Remove license`. Mimi niliogopa kuwafuta kabisa, maana risiti zote za keshia zimebeba jina lake na sikutaka historia ya mauzo ivurugike. Kumnyang'anya mtu leseni hakugusi rekodi zake, lakini hilo hakuna aliyeniambia siku ya mafunzo.

Sikubishana tena kwenye simu. Niliandika barua, na sehemu yake kubwa ni hii:

"YAH: KUPINGA IDADI YA LESENI KWENYE ANKARA YA JANUARI–MACHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kifungu cha malipo katika mkataba wetu kinasema mtumiaji ni mtu anayeweza kuingia kwenye mfumo. Akaunti mbili zilizosimamishwa haziwezi kuingia, na mwaliko ambao haukupokelewa hauna mtu wa kuingia. Naambatanisha orodha ya watumiaji, kumbukumbu za mfumo zenye tarehe, na barua za kuacha kazi.

Hata tukifuata hesabu yenu, ankara bado si sahihi. Januari nzima tulikuwa 6. Akaunti ya keshia ilizidi Februari na Machi, ya mtunza stoo vilevile, na mwaliko ni wa Machi peke yake. Hiyo ni miezi 5 ya leseni moja moja, yaani 150,000. Ninyi mmetoza 270,000, kana kwamba wote 9 walikuwepo tangu tarehe 1 Januari.

Kosa langu nalikiri. Mtunza stoo mpya alianza tarehe 20 Februari, na yule wa zamani nilimsimamisha tarehe 26. Kwa siku hizo 6 watu 7 waliweza kuingia. Nitalipa leseni moja ya ziada ya Februari, 30,000. Naomba 240,000 zilizobaki zipunguzwe pamoja na VAT yake ya 43,200, na ankara irekebishwe kwa maandishi."

Ile aya ya kukiri mume wangu alitaka niifute. Nikakataa, kwa sababu kumbukumbu za mfumo wanazo na wao. Wangeziona siku hizo 6, kisha wangeanza kutilia shaka na mengine yote. Nakala nilimpelekea meneja wa akaunti yangu na watu wa fedha, na nikalipa papo hapo kiasi nisichobishania ili wasipate sababu ya kunifungia mfumo.

Jibu lilichukua siku 11. Walikubali yote isipokuwa mwaliko, wakidai ni uzembe wangu. Nikawarudishia sentensi ile ile ya mkataba, neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Siku ya tatu ankara mpya ikaja: 570,000 kabla ya VAT.

Programu yenyewe ni nzuri. Stoo inasomeka vizuri, na mtandao ukikatika mauzo hayasimami. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu mpaka leo ukibofya kumsimamisha mfanyakazi, ukurasa haukwambii kwamba bado unamlipia. Siku hizi mtu akiaga kazini, kabla sijampa stahiki zake, nachukua funguo, sare, na leseni.