Apu za saa za dunia: ile imetusaidia kupigia dada Minneapolis na kaka Melbourne pamoja

Mimi niko Kisumu na mama yuko Ahero, dadangu yuko Minneapolis na kaka mdogo yuko Melbourne, na simu ya watu wote wanne ndiyo kitu mama anangojea wiki nzima. Saa ya kawaida ya simu inaonyesha miji yote vizuri tu lakini inakuambia sasa hivi ni saa ngapi, na sisi tunapanga simu ya wiki ijayo au mwezi ujao, hapo ndipo shida iko.

Huku kwetu saa haisogei, Kenya ni UTC+3 mwaka mzima. Wao wanasogeza, tena kila nchi na tarehe yake. Mwaka huu wa 2026 Marekani walisogeza 8 Machi, Australia wakarudisha yao 5 Aprili. Simu yetu ni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mama akishaamka, na hiyo tarehe 8 kwa dada ilikuwa bado Jumamosi saa tatu usiku, wiki iliyofuata ikawa saa nne na watoto wake washalala. Kaka naye alikuwa saa nane mchana mpaka Aprili ilipoingia akawa saa saba. Mama hakubadilisha chochote!

Ninayotumia sasa ni Meeting Planner ya timeanddate.com. Unaweka miji, unachagua TAREHE ya simu yenyewe, inakupa jedwali la kila saa, na siku ikigeuka unaiona hapo hapo. Rangi zake zimepangwa kiofisi: kijani ni saa za kazi, njano ni nje ya kazi lakini mtu yuko macho, nyekundu ni usingizi. Sisi wa familia tusikimbilie kijani jamani, hapo dada yuko shifti na hawezi shika simu, tafuta mstari wenye njano nyingi.

Binamu alikuwa amewekea mama apu ingine, siitaji jina, unachagua CST badala ya mji. CST ni saa ya dada wakati wa baridi pekee, kiangazi wanakuwa CDT, na hiyo apu ikabaki nyuma saa moja nzima, mama anapiga akidhani dada anakunywa chai kumbe ako kwa barabara anaenda kazi. Ukitaka kujua apu yako iko sawa, weka Minneapolis tarehe ya Januari halafu ya Julai: tofauti na Kenya inafaa kuwa masaa 9, kisha 8. Ikibaki 9 zote mbili, itoe.

Alafu mkiweka ya kila wiki kwa Google Calendar, anayeiunda awe mtu wa Kenya ama achague saa ya Nairobi. Dada akiiunda na saa yake, yake inabaki saa tatu usiku na mama ndiye anaamshwa saa kumi na moja alfajiri ikifika Machi.