Uzoefu wangu na apu ya bimu: ovahengi poa, ila kwenye kapo chungeni alama

Nimeitumia hii apu ya kukokotoa bimu miezi miwili sasa kwenye simu, na kwa mizigo ya kawaida sina neno, michoro inatoka fasta na ni misafi. Ila juzi imenitoa jasho kwenye swali la ovahengi lenye kapo.

Bimu yenyewe ina mita 8, sapoti A mwanzoni, sapoti B kwenye mita 6, halafu mita 2 zinaning'inia zikiwa na kN 12 kwenye ncha, na kapo ya kNm 18 kwenye mita 3 inayozunguka kama mshale wa saa. Mimi nikaandika 18 nikasevu, dayagramu ikaja, momenti B ni -24, ncha ni 0, nikajua tayari. Kumbe kwa hii apu chanya ni kinyume cha saa na wameweka kialama kidogo mno pembeni! Jibu langu la mkono la rieksheni A lilikuwa -7 na B 19, apu ikasema -1 na 13.

Sasa hapa ndo pa kuelewa jamani, ile -24 pale B inatoka tu kwenye 12 mara 2 upande wa ovahengi, kapo haiigusi kabisa, kwa hiyo hata ukigeuza mwelekeo wa kapo mchoro utafunga vizuri tu. Usiuamini kwa sababu umefunga, piga kwanza rieksheni kwa mkono ndo ulinganishe.

Nilipoweka -18 ikakaa sawa. Shia fosi ni -7 imenyooka kutoka A mpaka B, pale kwenye kapo haitikisiki hata kidogo, B inaruka hadi +12. Momenti inashuka kutoka 0 hadi -21 kwenye mita 3, inaruka juu 18 hadi -3, halafu inashuka tena kwa mteremko uleule hadi -24. Na ukichora kwa mkono ukarusha chini badala ya juu utafika B na -60, yaani umepishana 36, kapo mara mbili kamili, ukiona hivyo ujue umekosea upande wa kuruka tu.

Kinachoniudhi hasa ni jedwali lao, kwenye mita 3 wanaonyesha -3 peke yake, ile -21 ya kushoto hawaiweki, na mtu anayesoma jedwali bila mchoro ataikosa kabisa. Mimi naongeza pointi mbili, 2.99 na 3.01, ndo naziona zote.

Halafu ile -7 ya A maana yake sapoti inaivuta bimu chini, kama imelala tu juu ya ukuta bila kufungwa itanyanyuka, na apu haitoi onyo lolote. Nawapa nyota 3, wakirekebisha jedwali naongeza.