Apu ya kutambua picha: nimeipa Ziwa Ngosi, ikanipa kapsheni!

Wanangu wa Mbeya, Tukuyu, Iringa, Njombe, mambo vipi, karibuni tena. Leo ni hii apu mnayoiona hapa kwenye skrini, ile mnayoniulizia kila siku kwenye komenti. Ukubwa wake na inakaa kwenye simu gani mnajua tayari, hayo tunaruka, nataka tukae kwenye kitu kimoja tu kwa sababu kimeniudhi kweli kweli.

Unaiwekea picha ya safari, huandiki neno, yenyewe inaamua unataka nini. Kuna njia tatu: ikutajie mahali, ikuandikie kapsheni, au ikupangie safari. Sasa tazameni, naweka picha hii, ziwa liko chini kabisa, kuta za msitu zimelizunguka pande zote, hakuna nyumba, hakuna mtumbwi, hakuna mtu. Haya... mmeona? Kapsheni! "Utulivu wa asili." Jamani, utulivu wa asili wa wapi?

Hiyo picha ni Ngosi, na haikuhitaji kubahatisha. Angalia kuta, ni mwinuko mkali unashuka moja kwa moja majini bila ufukwe, kwa sababu lile ni shimo la volkano kwenye milima ya Uporoto. Mtu anaweza kusema mbona Masoko kule Rungwe nalo ni ziwa la volkano, ni kweli, lakini Masoko liko chini zaidi, kingo zake hazitishi hivi, na watu wanaishi jirani, hata boma la zamani la Wajerumani liko pale. Kwa hiyo apu ilitakiwa iseme hivi: hapa inaonekana ni Ngosi, Mbeya, nimejua kwa kuta na msitu, kama unataka kwenda niambie. Sentensi mbili tu. Aliyetaka jina kalipata, aliyetaka kapsheni sasa ana jina la kuweka ndani, na aliyetaka safari ana pa kuanzia.

Na picha yenyewe huwa inakuambia mtu anataka nini, hapa ndio nataka mnisikilize vizuri. Ona hii ya pili, dada kasimama pale Isimila Iringa, zile nguzo za udongo nyuma yake, kapozi, kavaa kapendeza. Huyo anajua alipo, ametoka Iringa mjini mwenyewe kaenda, ukimwambia "hii ni Isimila" umemsaidia nini? Huyo mpe kapsheni. Lakini ile ya Ngosi haina mtu, imekatwa pembeni na ubora umeshuka, hiyo imezunguka magrupu ya wasap, aliyeileta kaiona kwa mwingine na anajiuliza ni wapi. Halafu jueni, picha ikitumwa wasap kwa njia ya kawaida lokesheni iliyokuwa ndani inafutika, kwa hiyo apu inabaki na macho tu. Ukitaka lokesheni ibaki tuma kama dokumenti. Ile apu nyingine niliyoichambua kabla ya hii inazingatia hilo, ikikosa lokesheni inakuuliza, hii haiulizi, inakurupuka.

Safari sasa. Nimebonyeza panga safari kwa mkono, ikanipa "siku nzima ufukweni Ngosi". Ufukwe gani! Ngosi unapanda kosta za Tukuyu, unashuka Mchangani, boda hadi msitu unapoanzia, halafu miguu kupanda saa moja na zaidi kwenye miti na mianzi, unafika ukingoni unalitazama ziwa likiwa mbali chini. Masika njia inateleza vibaya, ukungu ukishuka huoni maji kabisa, utarudi na picha nyeupe. Mpango usiosema mwezi sio mpango. Kitulo ni hivyo hivyo, mtu kaona picha ya maua anaenda Agosti anakuta nyasi kavu na baridi, wakati maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi.

Nisiionee lakini, Kimondo cha Mbozi imekitaja palepale, na Daraja la Mungu pale Kiwira imelipata hata kwenye picha ya giza. Vitu vyenye umbo la peke yake inaviweza, tatizo ni maziwa na milima.

Bei sasa, kuna ya bure na kuna ya kulipia kila mwezi, na ya kulipia tofauti yake kubwa ni kapsheni nyingi zaidi. Mimi silipii. Wakiweka kitufe cha kuchagua kabla haijajibu nitairudia hapahapa, hiyo hela kwa sasa wekeni bando. Jumapili tuko laivu, nitumieni picha za Nyanda za Juu bila maneno, tuzisome pamoja, na kama hujasabskraibu bonyeza hapo chini.