Sentensi ya mwisho ya video: nimeijaribu skrini ya mwisho ya YouTube

Karibuni. Leo nachambua kile kifaa cha YouTube Studio kinachoitwa End screen, vile viboksi vinavyotokea video ikikaribia kuisha. Kinakuruhusu kuweka hadi vinne, kwa sekunde 5 hadi 20 za mwisho. Kifaa chenyewe kizuri. Kinachokiangusha ni maneno tunayoyasema viboksi vikiwa kwenye skrini.

Tazameni video yangu ya kushona zipu. Mwisho wa kwanza nilisema: "Haya, tumefika mwisho, asanteni sana kwa kunitazama, msisahau kusabskraibu, na video nyingine ziko hapa." Sasa angalieni grafu ya watazamaji. Mstari unatembea vizuri, halafu hapa, kwenye neno "tumefika mwisho", unaporomoka. Viboksi vinakuja sekunde 4 baadaye, watu wameshaondoka. Niliwaaga mwenyewe kabla sijawaonyesha pa kwenda!

Nikarekodi upya, nikapakia kama video mpya. Sikilizeni: "Zipu imekaa. Lakini geuza suruali ndani nje, uone nyuzi hizi zilizobaki wazi. Ukiifua mara chache zitaanza kufumuka. Namna ya kuzifunga bila mashine ya ovaloki, nakuonyesha kwenye video hii hapa." Sekunde 14 tu, na hakuna kwaheri. Mtu ameona tatizo kwenye nguo aliyoishika mkononi, na jibu liko mbele yake. Ndiyo maana anabofya.

Kwenye mpangilio, nilichagua Choose specific video. Ukiweka Most recent upload, kiboksi kitabadilika kila ukipakia, na siku moja utakuwa unataja nyuzi huku kinaonyesha kola ya shati. Best for viewer nayo inamchagulia kila mtazamaji video yake, kwa hiyo usiitegemee pale unapotaja video kwa jina. Kiboksi nimekianzisha kwenye neno "nyuzi", kikawa tayari kipo nikisema "hii hapa". Na upande ule wa picha niliuacha wazi tangu kurekodi, kisimfunike mtu uso.

Nimebakiza kiboksi kimoja cha video na cha kusabskraibu, basi. Vinne vinamfanya mtu achague, na anayesita huondoka.

Ukitaka kujua kama sentensi inafanya kazi, fungua Analytics uangalie asilimia ya waliobofya kiboksi. Lakini isome pamoja na grafu. Kama watu wanaondoka dakika nzima kabla ya mwisho, tatizo liko katikati ya video, na hakuna sentensi ya mwisho itakayoliponya.

Upungufu upo: video iliyo chini ya sekunde 25 haipati kifaa hiki, wala iliyowekwa kuwa ya watoto. Kwa video za kawaida, mimi nakipitisha. Nyuzi zile tunazifunga kwenye video hii hapa.