Pambizoni: neno moja au sentensi kamili?

Unapokagua rasimu ya insha yako kwa kuandika pambizoni kile ambacho kila aya inasema, utumie neno moja au sentensi kamili? Chukua insha ya aya 7 inayodai kwamba katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza Tanzania Juni 1, 2019, lilihitaji mbadala wa bei nafuu. Ukiandika pambizoni neno moja kwa kila aya, aya ya 2 itakuwa “bei” na ya 5 “wachuuzi”, nazo zitaonekana tofauti. Ukiandika sentensi kamili, zote mbili zitasema kwamba mfuko mbadala humgharimu muuzaji mdogo, na marudio yatajifichua. Sentensi ya aya ya 4, inayohusu historia ya plastiki, haiwezi kuunganishwa na dai la insha kwa maneno “kwa sababu”, kwa hiyo aya hiyo imepotoka. Neno moja ni la haraka, lakini hutaja mada tu, si hoja. Sentensi iandikwe kutokana na kilichomo, si ulichokusudia.