Uzoefu wangu na "toleo jipya" la APK ya kubeti

Apu ya kubeti ninayotumia sikuipata Play Store. Niliipakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na haijawahi kunisumbua. Balaa nililolipata lilitoka kwingine.

Kwenye kundi letu la mikeka jamaa mmoja alituma faili la APK, akasema ni toleo jipya lenye bonasi. Nembo ileile, jina lilelile. Nikaligusa, nikairuhusu simu isakinishe, ikazunguka kidogo kisha ikaandika `App not installed`. Nikamuuliza aliyetuma. Akajibu: "Futa kwanza ya zamani kaka, ndiyo inayogoma."

Nikaifuta. Hilo ndilo kosa ninalolijutia zaidi, kwa sababu simu ilikuwa inanilinda. Kila APK hutiwa saini ya kidijitali na aliyeitengeneza, na Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama saini hazilingani. Nembo na jina mtu yeyote anaweza kuiga, ila saini haiigiki bila ufunguo wa siri wa mwenye apu. Ujumbe ule huweza kutokea hata kwa faili lililoharibika au nafasi kujaa, lakini ukiambiwa ufute ya zamani ndipo mpya iingie, shuka hapo hapo. Ukishaifuta, hakuna tena saini ya kulinganisha.

Mpya ikaingia bila shida. Ikaomba ruhusa ya kusoma meseji, nikakubali, nikaandika namba na nenosiri langu. Halafu ikataka niiwashie `Accessibility`. Hapo nikashtuka: ruhusa hiyo huiwezesha apu kuona kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Apu ya mikeka inaihitaji ya nini? Nikiwa bado nawaza, ikaingia meseji yenye msimbo wa kubadili nenosiri la barua pepe yangu. Mimi sikuwa nimeomba msimbo wowote, na apu ile tayari ilikuwa na ruhusa ya kuusoma.

Nikazima data na waifai, nikachomoa laini. Nilipotaka kuifuta, kitufe cha `Uninstall` kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Nikaingia kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya `Device admin apps`, nikaikuta imewashwa. Nadhani niliikubali katika zile ruhusa nilizokuwa nagusa haraka haraka. Nikaizima, ndipo ikafutika. Kwa simu ya mke wangu nikabadilisha nenosiri la barua pepe na la akaunti ya kubeti, kisha nikahifadhi picha na kuirudisha simu yangu katika hali ya kiwandani. Salio nililikuta salama.

Sasa nimeirudisha ile ya kampuni, anwani ya tovuti nimeiandika mwenyewe herufi kwa herufi, na ile ruhusa ya kusakinisha niliyoipa kivinjari nimeizima mara baada ya kumaliza. Yule jamaa ameshatoka kwenye kundi. Faili lake bado lipo pale juu, na kuna wenzetu waliolipakua.