Vijana wengi au wazee wengi, kipi kinabana zaidi mipango ya nchi?

Hili swali huku Mbeya wanafunzi wanabishania kila mitihani ikikaribia, na wengi wanakosa maksi kwa sababu wanataja "ongezeko la watu" tu bila kuangalia umri. Chukua Tanzania na Japani, weka watu 100 kila upande. Kwetu kwa sensa ya 2022 watoto chini ya miaka 15 ni kama 43, wazee wa 65 kwenda juu 4, wanaobaki kufanya kazi 53, yaani wategemezi 47 gawanya kwa 53 mara 100 unapata kama wategemezi 89 kwa kila watu 100 wa umri wa kazi. Japani watoto ni kama 11, wazee 29, wa kazi 60, unapata 67.

Kwa hiyo kwa mzigo wa sasa hivi Japani ina nafuu, watu hawatarajii hilo kabisa! Ila kwa mbele sisi tuna nafasi, maana mtoto wa leo baada ya miaka 15 anaingia kwenye nguvu kazi, mzee wa Japani anazidi kuhitaji pensheni na matibabu. Lakini hiyo nafasi inakuja tu kama madarasa na ajira vipo, na kwa sensa hiyo idadi yetu ilikuwa inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kwa kasi hiyo shule zinatakiwa ziwe mara mbili ndani ya miaka kama 22.

Swali likiuliza bajeti ya elimu au ajira, egemea vijana, likiuliza pensheni egemea wazee. Likiuliza kijiji cha wilaya ya Makete ambako vijana wameenda mjini, andika vyote viwili, watoto na wazee.